Utaratibu wa Peti Keshi na Vocha za Malipo, Ofisi ya Mhasibu wa Shule

Shule ya sekondari ya bweni, Iringa. Unaanza kutumika 1 Julai 2025. Umeidhinishwa na Kamati ya Fedha ya Bodi.

Kwa nini tumeuandika upya

Muhula uliopita ulipofungwa, shilingi 73,000 hazikuwa na maelezo. Hakuna aliyeonekana kuiba. Tulichokuta ni vocha zilizoandikwa wiki mbili baada ya fedha kutoka, kwa kukumbuka, na risiti zilizopauka mfukoni mwa shati hadi hazisomeki. Fedha hizi ni ada za wazazi, na wengine wameuza mahindi au ng'ombe kuzipata. Kila shilingi itakayotoka kwenye kasha itatoka na karatasi yake, saa hiyohiyo.

Kiasi cha mfuko

Peti keshi ni masurufu ya kudumu ya Sh. 600,000. Kati ya hizo, Sh. 540,000 hukaa kwenye kasha la chuma ofisini kwa Mhasibu, na Sh. 60,000 hukaa kwa Matroni ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa juu ya gundi, kwa ajili ya mwanafunzi atakayeugua usiku. Ufunguo wa kasha anao Mhasibu peke yake. Ufunguo wa akiba umo kwenye sefu ya Mkuu wa Shule, na ukitolewa huandikwa umetolewa lini na kwa sababu gani.

Wakati wowote wa siku, fedha zilizopo ukijumlisha na vocha ambazo hazijarejeshewa fedha lazima zifike 600,000. Bahasha ya Matroni inahesabiwa humo.

Matumizi yanayoruhusiwa

Nauli za kazi za shule, vifaa vidogo vya matengenezo, dawa za huduma ya kwanza, chaki na karatasi zinapoisha ghafla, viungo vya jikoni ambavyo mtunza stoo amethibitisha havipo, vocha za simu za ofisi, na makato ya kutuma fedha kwa simu.

Mishahara, posho za vikao na mikopo kwa wafanyakazi haitoki humu, hata "nipatie nikurudishie mwisho wa mwezi". Karatasi ya deni ikikutwa ndani ya kasha itahesabiwa kuwa upungufu wa Mhasibu. Tunajua ni vigumu kumnyima mwenzako mwenye msiba, lakini kwa jambo hilo aende kwa Mkuu wa Shule, ambako upo utaratibu wake.

Ada hulipwa benki, haziingii kwenye kasha. Mzazi akija na fedha mkononi, aelekezwe benki kwa upole. Fedha za matumizi za wanafunzi zinazotunzwa na Matroni zina daftari na kasha lake. Ni marufuku kuzikopa kwa shughuli za shule hata kwa saa moja, kwa kuwa ni mali ya watoto.

Viwango na idhini

Malipo yasiyozidi Sh. 30,000 huidhinishwa na Makamu Mkuu wa Shule. Kuanzia Sh. 30,001 hadi 80,000 huidhinishwa na Mkuu wa Shule. Yanayozidi Sh. 80,000 hupitia benki kwa hati ya malipo ya kawaida.

Mhasibu hulipa, haidhinishi. Anayeomba fedha hajiidhinishii, awe nani. Matumizi ya Mkuu wa Shule mwenyewe husainiwa na Mwekahazina wa Bodi, na Mhasibu anayo haki kamili ya kukataa kulipa mpaka saini hiyo iwepo.

Kugawanya ununuzi mmoja ili ukae chini ya kiwango ni kosa la nidhamu. Vocha mbili za duka moja, siku moja, kwa kazi moja, zitahesabiwa kama moja.

Dharura ya hospitali ndiyo pekee inayovuka kiwango: hadi Sh. 150,000 kwa idhini ya Mkuu wa Shule kwa simu. Mhasibu huandika saa ya simu kwenye vocha, na saini hufuata ndani ya saa 24. Usiku Matroni hafungui bahasha peke yake, hufungua mbele ya mwalimu wa zamu, na asubuhi wote wawili wanasaini. Mtoto asicheleweshwe kwa sababu ya karatasi.

Vocha

Vocha zimechapwa namba kwa mfululizo. Iliyoharibika haichanwi: inapigwa mstari, inaandikwa "IMEFUTWA" na kubaki kitabuni. Huandikwa kwa kalamu ya wino, na kiasi kikikosewa huandikwa vocha mpya. Mfano:

Vocha Na. 047. Tarehe: 14 Agosti 2025.
Mlipwaji: Fundi bomba wa shule.
Maelezo: Koki 2 za bweni la wasichana kwa 8,500 (17,000), tepu za maji 2 kwa 1,000 (2,000), bodaboda kwenda na kurudi mjini (3,000).
Jumla: Sh. 22,000. Kwa maneno: Shilingi elfu ishirini na mbili tu.
Kifungu: Matengenezo.
Viambatisho: Risiti 1 ya EFD, fomu 1 ya matumizi yasiyo na risiti.
Saini: mwombaji, Makamu Mkuu wa Shule, Mhasibu, mpokeaji.

Neno "mbalimbali" halikubaliki kwenye maelezo. Baada ya kulipa, Mhasibu hugonga muhuri wa "IMELIPWA" kwenye vocha na kwenye kila risiti, ili risiti isirudi kwa mlango mwingine.

Duka lenye mashine ya EFD lazima litoe risiti yake, na jumla ya risiti ilingane na fedha iliyotolewa. Risiti hizo hufifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo zitolewe nakala siku hiyohiyo na nakala ibanwe pamoja na halisi. Malipo ya simu huambatishwa ujumbe wa muamala uliochapwa.

Bodaboda, mama wa mboga na mbeba mizigo hawana risiti, na haifai kuwatungia. Jazeni fomu ya matumizi yasiyo na risiti, isiyozidi Sh. 10,000, yenye namba ya simu na saini ya aliyelipwa. Asiyeandika aweke dole gumba mbele ya shahidi.

Anayechukua fedha kabla ya kununua husaini vocha ya muda. Arudishe risiti na chenji ndani ya siku 2 za kazi. Mwenye vocha ya muda iliyo wazi hapewi nyingine.

Kulinganisha hesabu

Kila siku saa 10 jioni Mhasibu huhesabu fedha na kufunga daftari. Kila Ijumaa Makamu Mkuu wa Shule huhesabu naye, noti kwa noti, kisha wote husaini. Angalau mara 2 kwa muhula Mkuu wa Shule au mjumbe wa Kamati ya Fedha huja bila taarifa. Asichukuliwe kuwa amekuja kumshuku mtu: hesabu hiyo ndiyo inayomlinda Mhasibu siku maneno yatakapoanza.

Chukua mfano wa Ijumaa, 29 Agosti. Vocha zina Sh. 412,500, fedha zilizopo pamoja na bahasha ni Sh. 186,000. Jumla ni 598,500, hivyo upungufu ni 1,500. Maombi ya kujaza mfuko yataandikwa 412,500 kamili, yakiambatishwa vocha hizo na muhtasari kwa kila kifungu. Ile 1,500 huandikwa peke yake kwenye daftari la tofauti, na Mhasibu hutoa maelezo kwa maandishi. Asiifidie kimyakimya kutoka mfukoni mwake, maana tofauti iliyofichwa haichunguziki. Ziada nayo huandikwa, kisha hupelekwa benki.

Upungufu unaozidi Sh. 10,000, au wowote unaojirudia mara 3 katika muhula, hufikishwa kwa Mwekahazina wa Bodi siku hiyohiyo.

Mfuko hujazwa fedha za kwenye kasha zikishuka hadi Sh. 150,000, au Ijumaa ya mwisho ya mwezi, kwa hundi yenye saini 2. Mhasibu akienda likizo, makabidhiano hufanyika kwa kuhesabu mbele ya Mkuu wa Shule. Vocha na daftari hutunzwa miaka 5, kwenye kabati lenye kufuli, mbali na mchwa na maji ya paa.

Umesainiwa na Mkuu wa Shule, Mhasibu na Mwekahazina wa Bodi, 20 Juni 2025. Nakala: Makamu Mkuu wa Shule, Matroni, mtunza stoo, ubao wa matangazo wa walimu.