Ng'ombe Akiugua, Piga Simu Kabla ya Kumwita Broka

Asante, chifu. Wazee wetu, akina mama, vijana, hamjambo? Mimi afisa wenu wa mifugo sitakaa sana, najua kuna ng'ombe wanaosubiri kukamuliwa.

Hapa Njoro tuna mazoea mabaya. Ng'ombe akianza kutoa udenda na kuchechemea, mwenyewe anamwita broka. Usiku huohuo anapakiwa kwenye pikapu, asubuhi yuko mnadani. Sababu naielewa: karo haijalipwa, na mtu anajua akiripoti karantini itawekwa na soko lifungwe. Ni kweli soko hufungwa, sitawadanganya.

Lakini karantini hufuata ugonjwa, haifuati simu yako. Ugonjwa wa miguu na midomo huanza kuenea hata kabla malengelenge hayajaonekana. Huyo uliyemuuza keshanusana na ng'ombe wa watu mnadani, na mmoja wao anaweza kununuliwa na shemeji yako akaletwa papa hapa. Tukiwahi, huenda tukafunga maboma machache. Tukichelewa tunafungiwa sote, hata yule aliyeuza.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawaambiwi. Virusi hivi viko vya aina kadhaa, na chanjo ya aina moja haikingi nyingine. Nikifika malengelenge yakiwa mabichi, nachukua sampuli na maabara inatambua ni aina gani. Nikifika yamepasuka na kukauka, au ng'ombe mwenyewe hayupo, hapo tunachanja kwa kubahatisha.

Kwa hiyo mtenge mgonjwa. Asiende joshoni wala mtoni. Kamua wazima kwanza, umalizie na yeye, kisha nawa mikono na viatu. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inakutaka utoe habari mara moja; broka hatakukumbusha hilo.

Sasa kimeta, na hapa vijana wa buchari mnisikilize. Mnyama akifa ghafla, amefura tumbo, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, usimpasue. Usimchune. Usiseme nyama itaharibika bure. Ukimpasua, vijidudu vikipata hewa hujijengea ganda na kukaa udongoni miaka mingi, na aliyeshika kisu anaweza kuugua hata kabla nyama haijafika sufuriani. Mwaka 2015 kimeta kiliua nyati wengi katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, na hapo si mbali. Mzoga kama huo tutauzika shimo refu, pamoja na chokaa, nikiwepo.

Namba yangu chifu ameibandika mlangoni pa ofisi yake. Piga hata usiku. Usiponipata, mwambie mzee wa mtaa.

Nimesikia kuna ndama walioanza kudondosha mate tangu Jumapili. Wenyewe wabaki kidogo baada ya kikao. Majina siulizi mbele ya watu, nataka tu kujua niende boma gani kwanza jioni hii.