Droo ya N

Maktaba yetu hapa Tukuyu ni chumba kimoja tu, mvua ikipiga bati hata salamu husikii. Mzee mmoja kaja anataka kitabu cha nyuki, nikazunguka rafu weee, nusu saa nzima, aibu tupu. Ndo nikakumbuka lile kabati la droo ndogondogo, mi nilikuwa nahifadhia majani ya chai humo (msinicheke), kumbe kila kitabu kina kadi tatu, ya mwandishi, ya jina la kitabu, ya mada, zimepangwa A mpaka Z. Nikavuta N. Nyuki. Kadi imelika pembe, juu kushoto namba ya kukitafutia kitabu rafuni, 638.1. Rafu ya kilimo, hiki hapa!

Keshoye mjukuu wake kaja, kavuta droo mwenyewe, hata hajaniuliza.