Mtihani wa majaribio, Sheria ya Ushahidi: Swali la 3 (alama 40, la lazima)

Haya jamani, someni mara mbili kabla ya kushika peni. Nikisema Sheria namaanisha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6.

Salehe alikuwa na stoo ya saruji Mwanza. Usiku umeme umekatika, mlinzi aliyekuwa getini akasikia yowe la Salehe ndani, "Baraka usiniue!", mara mtu akaruka ukuta ila sura hakuiona. Mlinzi akampakia Salehe kwenye bodaboda, njiani Salehe akamwambia dereva, "Ni Baraka mpakiaji wangu kanichoma kisu, nimemfuma anamtolea mzigo dereva wa fuso, na huyuhuyu mwaka jana alimuibia shemeji yangu pikipiki." Hospitali akashonwa, kesho yake anakunywa uji na kumwambia nesi Ijumaa atakuwa dukani, akasimulia tena tukio ila safari hii akasema "nadhani ni Baraka, kulikuwa giza." Nesi akayaandika kwenye faili. Siku ya tatu jeraha likamgeukia, akafariki.

Baraka yuko Mahakama Kuu kwa mauaji. Jamhuri wanataka kumleta mlinzi, dereva wa bodaboda, na mke wa dereva ambaye alisimuliwa na mumewe usiku uleule, pamoja na faili la hospitali (nesi yuko masomoni nje ya nchi) na daftari la stoo. Hilo daftari karani hulijaza kila gari linapotoka. Mstari wa siku ile unasema mifuko 60, saa 12 jioni, mpakiaji Baraka. Chini yake, kwa wino mwingine, kuna "mifuko 40 haionekani, Baraka", na karani amekiri aliuandika siku mbili baada ya mazishi, mpelelezi alipomwambia aweke rekodi sawa. Karani yuko hai, kahamia Morogoro na simu anapokea, lakini Jamhuri wanataka meneja ndo alitoe daftari mahakamani.

Dereva wa fuso ana kesi yake ya wizi Mahakama ya Wilaya, na huko nako wanataka kutumia maneno ya Salehe ya kwenye bodaboda.

(a) Wewe ni wakili wa Baraka. Pinga au kubali kila ushahidi, sentensi kwa sentensi, maana kauli moja inaweza kupita nusu na nusu ikakwama. Kifungu cha 34(a) usikitaje tu, eleza kama matumaini ya Salehe kupona yanabadilisha chochote. (alama 20)

(b) Mistari miwili ya daftari, je yote inaingia chini ya 34(b) wakati karani anapatikana? Na faili la nesi je? (alama 12)

(c) Maneno ya Salehe yanaweza kumtia hatiani dereva wa fuso? Na kwa Baraka, yakipokelewa, jaji ayape uzito gani ukizingatia giza, ile "nadhani", na tahadhari ya kesi ya Pius Jasunga ya 1954? (alama 8)

Ukiandika "ni tetesi, haupokelewi" ukaishia hapo hupati hata alama moja, nataka sababu. Dakika 50.