Nani jana usiku aliimbiwa na mbu?

(Maneno ya mwalimu wa Sayansi, kumkaribisha mgeni Siku ya Sayansi, Ifakara. Nasimama katikati ya uwanja, si mezani kwa wakubwa. Siamkii mtu kwanza.)

Nyoosha mkono kama jana usiku ulisikia mbu sikioni.

(Nangoja mikono.)

Eh! Shule nzima. Hata nyie wa darasa la kwanza? Na pale nyuma naona wazazi nao wamenyoosha. Haya, shusheni mikono.

Sasa swali la pili. Mbu wako alisemaje? Usiniambie kwa maneno, mlie kama yeye alivyolia. Darasa la tatu peke yao, moja, mbili, tatu!

(Wanalia.)

Nziiii. Vizuri. Darasa la saba, msijifanye wakubwa, na nyie.

(Wanalia.)

Mmesikia? Darasa la saba wamelia kwa sauti nene, darasa la tatu kwa sauti nyembamba. Kumbukeni hilo, nitalirudia. Mbu hana koo la kuimbia. Ile sauti ni mabawa. Sasa tupime. Nikisema "anza", pigeni makofi kwa kasi yote mliyonayo mpaka niseme "basi", na kila mtu ahesabu ya kwake kimoyomoyo. Itakuwa sekunde moja tu, kama kusema "mia na moja" polepole. Tayari? Anza! ... Basi!

Nani amepata matatu? Manne? Wewe wa soksi za bluu unasema kumi. Tutakuja kukuhesabia baadaye, mbele ya mashahidi.

Basi mbu jike aliyekujia jana, katika sekunde hiyo hiyo uliyopiga makofi manne, alipiga mabawa karibu mara 400. Wengine huzidi hapo. Yanapiga haraka mno hata sikio halisikii pa, pa, pa, linasikia nziii moja ndefu. Na mbu dume hupiga kwa kasi zaidi ya jike, kwa hiyo sauti yake ni nyembamba zaidi, kama ya darasa la tatu. Dume humtambua jike kwa ile sauti. Sisi tunaziba masikio kwa mito tusiisikie, mwenzetu anaisikiliza kwa hamu anatafuta mchumba.

(Wacheke. Nisiwakimbize.)

Sasa ndiyo niamkie. Mwalimu mkuu, shikamoo. Wazee wa kamati ya shule, wazazi wetu, shikamooni. Nisameheni nimeanza na wadogo, lakini leo ni siku yao na jua linapanda.

Nimewauliza habari za mbu kwa sababu mnazijua. Hakuna mtoto wa Ifakara asiyejua mbu. Tuko bonde la Kilombero, mto uko pale, mashamba ya mpunga yamejaa maji, na jioni ukikaa barazani miguu wazi unajua mwenyewe kitakachokupata. Mgeni niliyekuja kuwakaribishia anafanya kazi hiyo hiyo mliyoifanya jana usiku. Tofauti ni kwamba nyie mlipomsikia mbu mlipiga kofi. Yeye hukaa kimya, akamsikiliza, akamhesabu, akamkamata akiwa hai.

Yuko pale chini ya mwembe, amevaa kitenge cha kijani. Msigeuke wote mara moja! Haya, mmeshageuka.

Jina lake ameniomba nisilitaje, atalitaja mwenyewe na kuliandika ubaoni. Ila watoto wa mtaani kwake wamempa jina lao, na amesema linamfaa. Wanamwita Mama Mbu.

Mama Mbu ni mwanasayansi. Najua wengi wenu ukisikia mwanasayansi unaona mzee wa nywele nyeupe, amevaa koti jeupe, kashika chupa inayotoa moshi. Nilipowaambia wiki iliyopita mchore mwanasayansi, nilipata wazee wa namna hiyo 31. Niliwahesabu. Koti jeupe analo, lakini mara nyingi utamkuta kavaa buti za mvua, kainama kwenye dimbwi, mkononi kata ya kuchotea maji. Anachota, anatazama, anahesabu viluwiluwi, anaandika, anasogea hatua chache, anachota tena. Ndiyo kazi. Usiku naye, wakati nyie mmelala, anatundika mtego wenye taa pembeni ya chandarua ambamo mtu amelala. Asubuhi anafungua kijifuko cha mtego na kutenganisha mbu mmoja mmoja kwa koleo dogo, huyu jike, huyu dume, huyu ameshiba damu, huyu bado.

Na hapa niwaulize jingine mnaloweza kulijibu. Mtu akilala bila neti, mbu wanapenda kumuuma wapi?

(Watasema miguu. Nichukue majibu matatu.)

Miguuni, kweli. Mbu hufuata pumzi tunayotoa, hufuata joto la mwili, na hufuata harufu. Harufu ya miguu wanaijua sana. Soksi uliyoivaa siku nzima ukaivua jioni, kwako inanuka, kwake ni pilau. Msidhani natania. Watafiti wametundika soksi zilizovaliwa ndani ya mitego, na mbu wakaja. Mama Mbu ana soksi moja kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mkoba wake. Amenionyesha. Sikuomba kunusa.

Kazi yake nyingine iko kule Kining'ina, kwenye zile nyumba kubwa za neti ambazo wengine mmeziona mkipita. Watu wameziita Mji wa Mbu. Ndani kuna mimea na vibanda kama nyumba zetu, na humo ndimo mbu wanaofugwa huachiwa waruke ili watafiti waone wanaingiaje ndani, dirishani au kwenye nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Mbu hao wanazaliwa na kulelewa palepale, hawajawahi kumuuma mgonjwa, kwa hiyo hawana vimelea vya malaria. Viluwiluwi wao wanalishwa chakula cha samaki. Mama Mbu ananunua chakula cha samaki na hana samaki hata mmoja.

Sasa niwaambie kilichotokea leo asubuhi, maana ndicho kilichonifanya nibadilishe maneno niliyokuwa nimeandika.

Kundi la darasa la tano, meza ya nne, mmekuja na chupa ya maji machafu mliyoyatoa kwenye tairi bovu nyuma ya jiko la shule. Ndani viluwiluwi wanacheza. Nakiri mbele ya wote, nilipoiona nilitaka kuwaambia mkaimwage kabla wageni hawajafika. Meza ya kwanza wana chujio la mchanga na mkaa, meza ya pili msumari unaovuta pini kwa umeme wa betri, vitu safi vinavyopendeza kwenye picha. Nikafunika chupa yenu kwa kipande cha neti nikaisukuma nyuma.

Mgeni alifika saa mbili na nusu. Akapita meza ya kwanza, akapita ya pili na ya tatu, akawasifu. Meza ya nne akaiona ile chupa nyuma, akaivuta, akachuchumaa na kitenge chake vumbini, akakaa pale dakika kumi. Akamwita msichana mmoja wa kundi, akamuuliza: "Wamekaaje?" Msichana akasema wamening'inia, kichwa chini, mkia juu. Akamuuliza tena, "Wote?" Msichana akatazama upya, safari hii kwa utulivu. Akasema, "Hapana, kuna wawili wamelala."

Ndipo mgeni akatuita walimu. Wale walioning'inia kichwa chini wana kamrija mkiani, wanapumulia juu ya maji. Hao ni kuleksi, mbu wa kwenye maji machafu, wanaotusumbua kila siku. Wale wawili waliolala sambamba na uso wa maji hawana kamrija hako. Hao ni Anofelesi, ukoo wa mbu wanaoeneza malaria. Kwa kawaida hupenda maji yaliyo safi kidogo, yenye jua, kwa hiyo mgeni mwenyewe alishangaa kuwakuta humo. Nimefundisha somo la mbu miaka tisa hapa, nimechora kiluwiluwi ubaoni mara nyingi kuliko nilivyochora ramani ya Tanzania, na sikuwa nimewahi kuchuchumaa kuangalia wamekaaje. Darasa la tano, chupa yenu nimeirudisha mbele. Neti ibaki juu, tafadhalini, maana kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku kumi hivi hadi wiki mbili, na hatujui hao wa kwenu wamefika siku ya ngapi.

Jambo la mwisho kabla sijakaa. Leo ni tarehe 20 Agosti. Tarehe kama ya leo mwaka 1897, kule India, daktari mmoja aitwaye Ronald Ross alipasua tumbo la mbu, akalitazama kwa hadubini, akaona humo vimelea vya malaria. Zamani watu waliamini malaria inaletwa na hewa mbaya ya mabwawani, hata neno lenyewe kwa Kiitaliano maana yake ni hewa mbaya. Na nyie hapa wapo wanaosema inaletwa na maembe mabichi, msinitazame hivyo, nimewasikia. Embe halina kosa. Msimu wa maembe ukikutana na mvua, mbu nao huongezeka, embe likasingiziwa. Kwa sababu ya ile hadubini, dunia inaikumbuka tarehe hii kuwa Siku ya Mbu. Mgeni wetu tulimchagua sisi, tarehe tulipangiwa na ratiba ya mitihani, zikagongana zenyewe.

Utaratibu ni huu. Mama Mbu atazungumza, kisha kila darasa litauliza maswali mawili. Mmeandaa mazuri, nimeyaona. Lile la darasa la pili, "Mbu akikuuma wewe, unamuua?", liulizwe la kwanza, na mgeni, nakuomba usilikwepe. Amewahi kuwalisha mbu damu yake mwenyewe, akawaachia mkono wake waume, nina hamu ya kusikia atajitetea vipi.

Hatutampigia makofi kwanza. Tunamkaribisha kwa lugha anayoijua. Darasa la kwanza mpaka la tatu, sauti nyembamba, nyie ni madume. La nne mpaka la saba, sauti nene, nyie ni majike. Msinung'unike, ndivyo mbu walivyo. Mpaka afike hapa nilipo na kushika kipaza sauti, msinyamaze.

Mama Mbu, karibu. Moja, mbili, tatu!