Usiku Wako, Usiku Wangu

Jumatatu

Mume, saa 4:10 usiku (kwako 2:10)

Laazizi, najua ndiyo kwanza umepokea zamu, huu hutausoma mpaka mapumziko. Mimi nazima taa. Leo nimesahihisha madaftari ya darasa zima, na kila nikikutana na jibu la kuchekesha nageuka nikusomee, halafu nakumbuka uko wapi. Bado nalalia upande wa ukutani. Upande wako nimeuacha kama ulivyouacha. Wazee walio mikononi mwako usiku huu wamepata mtu. Mungu akusimamie mpaka kuche.

Mke, saa 7:35 usiku (kwako 9:35)

Sikuamshi, nataka tu ukifumbua macho ukute nimepita. Wodi imetulia. Nimekaa karibu na dirisha nasikiliza ujumbe wako wa sauti wa juzi, ule ambao mvua inasikika nyuma yako. Nausikiliza kwa ajili ya ile mvua na kwa ajili ya jinsi unavyovuta pumzi kabla ya kutaja jina langu. Endelea kulala, mume wangu. Jifunike vizuri miguuni, nakujua.

Jumanne

Mume, saa 4:25 asubuhi (kwako 2:25)

Hapa kengele ya mapumziko imelia, wewe ndiyo unafunga mapazia. Basi nakuaga kulala jua likiwa utosini. Weka simu mbali, usijibu. Kunywa maji kwanza, vua viatu, nyoosha mgongo. Nikitoka kazini nitakuwa wa kwanza kukuuliza umeota nini. Lala unono, kipenzi cha roho.

Mke, saa 1:50 usiku (kwako 3:50)

Nimeamka na sauti yako kichwani. Nikielekea kazini nimeuona mwezi mchanga, huku umesimama wima. Kwako najua umelala chali kama mashua, tulivyokuwa tunautazama kutoka kizingitini. Umeuona? Ni ule ule, ila kila mmoja anauona kwa upande wake. Ndoto njema, nuru ya macho yangu.

Alhamisi

Mke, saa 3:15 asubuhi (kwako 5:15)

Nisamehe leo kwenye simu nilikuwa kimya. Yule bibi niliyekusimulia, aliyependa nimchane nywele, amefariki alfajiri. Nilikuwa nimemshika mkono. Nimefika chumbani na sijui nianze na lipi. Sitaki ushauri, nataka tu uwepo.

Mume, saa 5:22 asubuhi (kwako 3:22)

Nipo. Nimetoka nje ya ofisi ya walimu, nimekaa chini ya mti, na sirudi ndani mpaka uniambie umejilaza. Pole sana, mama. Pole kwa mkono wako uliobaki mtupu. Amekwenda akiwa ameshikwa, na aliyemshika ni wewe. Hilo hakuna atakayemnyang'anya. Ukitaka kulia, lia, piga simu tusizungumze, tuiache wazi tu. Nitakuwa nasikia unavyopumua, na ukisinzia nitaikata taratibu. Usiogope bando, nimeweka la kutosha.

Mume, saa 6:40 mchana (kwako 4:40)

Umesinzia. Nimekusikiliza kidogo zaidi ya nilivyoahidi. Pumzika, tabibu wangu, unayewatibu wengine ukajisahau.

Ijumaa

Mke, saa 2:05 usiku (kwako 4:05)

Nimeamka mwepesi. Ahsante kwa jana. Nina dakika mbili kabla ya zamu na zote mbili nakupa: nakupenda, nakuhitaji, nakusubiri. Alamsiki.

Mume, saa 4:07 usiku (kwako 2:07)

Binuru, mahabuba.

Jumapili

Mume, saa 3:30 usiku (kwako 12:30)

Huko wamerudisha saa nyuma alfajiri, kwa hiyo tangu leo tumeachana kwa saa tatu badala ya mbili. Nimekaa naihesabu na imenichoma kuliko nilivyotarajia, saa moja tu, lakini ni saa yetu. Nimeamua nitakuwa nachelewa kulala siku ambazo huna zamu. Usinikataze. Leo upo mapumzikoni, nambie umeshindaje, na usinifiche hata dogo.

Mke, saa 1:15 usiku (kwako 4:15)

Nimeshinda nikifua, nikapika, nikampigia mama yako tukazungumza mpaka chaji ikaisha. Hakukuambia kwa sababu nilimwomba anyamaze mpaka mimi mwenyewe nikuandikie: likizo imekubaliwa. Naondoka huku tarehe 12 Desemba, tiketi nimekata jana. Sasa nenda kalale, muhibu wangu, kama utaweza.

Mume, saa 4:16 usiku (kwako 1:16)

Silali! Nimewasha taa zote. Tarehe 12! Nitumie saa ya kutua nianze kuomba ruhusa kazini, na kesho nafua mashuka ya upande wako. Piga simu, laazizi, nataka kuisikia kwa sauti yako.