Mpango wa Neema wa kurisiti kidato cha nne, Februari hadi Novemba

Neema mwanangu,

Huu ndio mpango tuliokubaliana Jumapili pale Hombolo mbele ya baba na mama. Nakala moja bandika ukutani. Nyingine akae nayo baba yako, maana yapo mambo humu yanayomhusu yeye kuliko wewe.

Hesabu yenyewe

Ulipata D ya Kiswahili na F sita. Pointi 34, ziro. Tangu Januari unalitaja hilo neno kana kwamba ndilo jina lako la ubatizo, kwa hiyo tulitazame kwa tarakimu. D inaanzia alama 30, C inaanzia 45. C ni pointi 3, D ni pointi 4, na yanahesabiwa masomo saba. Ukipata C tatu na D nne, ni 9 na 16, jumla 25. Hilo ni Daraja la Tatu, na humo hamna A wala B hata moja.

C tatu tunazitafuta kwenye Kiswahili, Historia na Uraia. D nne ni Jiografia, Kiingereza, Biolojia na Hisabati. Ikizidi hapo tutashukuru, ila asiwepo mtu wa kukudai zaidi ya hapo, hata mimi.

Jambo moja ulijue mapema: mtahiniwa wa kujitegemea habebi alama za maendeleo kutoka shuleni. Utakachoandika Novemba ndicho utakachopata.

Februari

Usajili kwanza. Baba ameshauza beberu, ada ipo. Jumatatu njoo mjini na namba yako ya mtihani ya mwaka jana, twende kituoni wakuingize kwenye mfumo, tupewe kontro namba na tulipe siku hiyohiyo. Tusisubiri wiki ya mwisho tukalipa na faini. Namba mpya itaanza na P badala ya S. Usiione haya hiyo P.

Wiki mbili za mwanzo husomi mada yoyote mpya. Nitachapisha mitihani ya mwaka jana kutoka tovuti ya NECTA, tukae mezani tuipitie swali kwa swali. Pembeni utaandika moja kati ya haya: nilijua, nilijua nusu, sikuelewa swali. Hilo la tatu ndilo ninaloliwinda. Juzi nilikuuliza sababu za Vita vya Majimaji, ukanitajia kodi, pamba ya kulazimishwa na ukatili wa maakida bila hata kufikiri. Nikakupa swali lilelile kwa Kiingereza, ukalikodolea macho, halafu ukaandika matokeo ya vita badala ya sababu. Huo si ujinga wa Historia. Ulikosa alama za kitu unachokijua.

Kwa hiyo kila mada ina hatua mbili. Kwanza unaisimulia kwa Kiswahili kwa sauti, hata kama anayekusikiliza ni mdogo wako tu. Kisha unaiandika kwa Kiingereza kwa sentensi fupi, za maneno manane au kumi. Nyuma ya daftari orodhesha maneno ya amri yanayotumika kwenye maswali: eleza, taja, tofautisha, fafanua, thibitisha. Yaandike kwa Kiingereza, na mbele ya kila moja uandike linataka ufanye nini.

Machi hadi Juni

Huu ni wakati wa shamba, na sitajifanya kwamba halipo. Asubuhi ni palizi. Masomo ni saa mbili hadi saa nne usiku, Jumatatu mpaka Alhamisi, na taa ya sola iwe yako peke yako saa hizo. Jumamosi, kuanzia mchana, hutumwi popote. Jumapili ni kanisani na kupumzika. Mavuno ya uwele yakianza, punguza iwe saa moja kwa siku: ufahamu mmoja wa Kiswahili na hesabu tatu, basi. Afadhali tupange hivyo sasa kuliko ushindwe ratiba kubwa halafu ujichukie.

Kila Ijumaa unafanya jaribio la alama 20 nitakalokutumia, bila daftari. Lipige picha unitumie kwa simu ya mama, nami nitasahihisha usiku huohuo. Alama na tarehe ziandike ukurasa wa mwisho wa daftari, hata ukipata 3. Majaribio ya mwanzo nitayatoa kwenye mada unazozimudu, nimefanya makusudi. Sina haja ya kukuhubiria ujiamini. Nataka ujionee 11 kwa wino mwekundu, kisha 12, na ujue umezipata mwenyewe. Tukishamaliza zile za Februari, karatasi nzima ya mtihani usiiguse tena kabla ya Juni.

Hisabati inakutisha kuliko inavyostahili. Sehemu A ina maswali kumi ya alama 6 kila moja. Matano yakikamilika ni 30, D yako hiyo. Sehemu B kila swali ni alama 10, na takwimu unaziweza. Tutachagua mada saba tu na kuzirudia mpaka zikuchoshe: seti, uwiano, faida na hasara, vipeo, mfuatano, takwimu na matriki. Zilizobaki tutazigusa muda ukiruhusu.

Watu

Wataendelea kukuuliza umepata ngapi. Jibu ni hili, lifanyie mazoezi: "Sikufaulu, narudia Novemba." Ukishalisema, waulize habari za nyumbani kwao na uendelee na safari. Kundi la darasa lenu la WhatsApp lizime sauti. Wenzako watakapoanza kuweka picha za kuripoti kidato cha tano itauma, nami sitakudanganya kwamba haitauma. Siku hiyo nipigie.

Shemeji, kwako ni mawili. Asilinganishwe na mtoto wa dada yako. Na yule beberu asitajwe mkigombana.

Kukiwa na wiki hulali, huli, au unawaza kwamba bora usingekuwepo, niambie hata iwe saa nane usiku. Tutakwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, au Mirembe. Sisi watu wa Dodoma tunaitania Mirembe bure tu, pale kuna wataalamu wa mambo haya.

Julai hadi Oktoba

Unahamia kwangu Ipagala. Beba sweta, Julai upepo wa huku unaujua. Asubuhi Maktaba ya Mkoa, jioni tuisheni ya Biolojia na Kiingereza. Kila Jumamosi karatasi moja nzima, saa tatu kwa saa ya ukutani, na hunyanyuki hata ukimaliza mapema. NECTA hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, wenye majibu mazuri na mabovu. Tutausoma pamoja, na utashangaa ni wangapi walikosea ulipokosea wewe.

Mwisho wa Agosti tunafungua ule ukurasa wa mwisho wa daftari. Somo ambalo bado liko chini ya 6 kati ya 20 tutalipunguzia saa na kuzihamishia kwenye zile C tatu. Wakati huohuo tutaulizia nafasi VETA Dodoma, ushonaji au umeme, chagua wewe. Hiyo si adhabu. Nataka uingie chumba cha mtihani ukijua Januari ina zaidi ya mlango mmoja.

Novemba

Siku moja kabla, tutatembea mpaka kituoni ukaone chumba na choo. Kalamu mbili, rula, seti ya hesabu, kitambulisho. Usiku saa nne taa zimezimwa. Ukipewa karatasi, soma yote kwanza, anza na swali unalolijua hata kama ni la tisa, ila namba yake iandike vizuri. Ukitoka, usisimame getini kulinganisha majibu. Njoo nyumbani ule.

Mtihani wa mwisho ukiisha, baba yako asije kukuchukua siku hiyohiyo hata kama mvua imeshaanza. Utakaa kwangu siku mbili zaidi, ulale. Kupanda wataanza wengine.

Mama mdogo