Maneno ya Siku ya Kwanza, Darasa la Kwanza

Mzazi, msomee mwanao leo jioni, begi lake likiwa karibu. Kila kitu kikitajwa, akitoe akishike.

Dawati: meza na benchi vilivyounganishwa. Mnakaa wawili, siku nyingine watatu. Halichorwi.

Ubao: bapa kubwa jeusi ukutani, anapoandika mwalimu. Ukiwa nyuma na huoni, nyoosha mkono useme, "Mwalimu, sioni." Utahamishiwa mbele, hutagombezwa.

Chaki: kijiti cheupe cha kuandikia ubaoni. Si cha kutafuna.

Dasta: ya kufutia ubao.

Kitabu: kimeshaandikwa, wewe unasoma tu.

Daftari: kurasa zake ni tupu, wewe ndiye unayeandika. La mistari ni la kuandikia maneno, la vyumba ni la hesabu: kila tarakimu chumba chake.

Penseli: kalamu isiyo na wino. Darasa letu linatumia hii kwa kuwa inafutika. Ishike kwa vidole vitatu, juu kidogo ya sehemu iliyochongwa. Usikandamize, karatasi itachanika.

Kichongeo: cha kuchongea penseli. Takataka zake zinatupwa pipani, si chini ya dawati la jirani.

Ufutio: wengi huuita raba. Unafuta ulichokosea. Mzazi, ufunge kwa uzi kwenye begi, maana hakuna kinachopotea haraka kama huu.

Rula: ya kupigia mstari ulionyooka.

Vihesabio: vizibo vya soda, vijiti au mbegu za maharage. Njoo na 20 kwenye kimfuko.

Mahudhurio: daftari kubwa la mwalimu lenye majina yote. Ukisikia lako, itika, "Nipo, mwalimu!" Mzazi, mfundishe jina lake kamili. Kila Januari wapo wanaonyamaza kwa sababu nyumbani wanajulikana kama Baba Mdogo au Chiku tu.

Kengele: hapa kwetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni, inagongwa kwa chuma. Ikilia asubuhi, kimbilia mstarini.

Ratiba: karatasi ukutani inayoonyesha somo lipi linafuata lipi.

Sasa masomo.

Kusoma: tunaanza na a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu. Ukijua "ba" umeshaweza kusoma "baba".

Kuandika: kuumba herufi, kwanza hewani kwa kidole, halafu daftarini.

Kuhesabu: kujua vingapi vipo, vikiongezwa vinakuwa vingapi, vikipunguzwa vinabaki vingapi. Hapo ndipo vizibo vinapofanya kazi. Haya matatu kwa pamoja huitwa KKK.

Kiingereza: lugha nyingine. Mwanzoni ni salamu na nyimbo.

Afya na mazingira: kunawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni, kufagia, kumwagilia miti.

Michezo na sanaa: kukimbia, kuruka kamba, kuimba, kuchora, kufinyanga udongo.

Ukisikia kaka au dada anataja Hisabati, ndiko kuhesabu kulikokua. Sayansi inaeleza mbegu inavyoota na mwili unavyofanya kazi. Jiografia ni milima, mito na ramani, na Historia ni mambo ya watu wa zamani. Yanakusubiri Darasa la Tatu.